Milioni 27 za mwaka jana ziko wapi? Kodi iliyoahirishwa kwenye likizo na provisheni katika kiwanda cha alizeti

Kiwanda kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Tumekiweka Kizota, Dodoma, kinakamua alizeti inayotoka Kongwa, Kondoa na Singida, na kina wafanyakazi 60. Kilianza kazi Januari 2023 na mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Desemba. Takwimu tumezipanga ziwe rahisi kufuatwa, lakini kosa lililomo ni la kweli kabisa, na chanzo chake ni kidogo kuliko madhara yake.

Alizeti huvunwa kuanzia Mei na Juni. Tangu hapo hadi mwisho wa mwaka mashine hazizimwi ovyo, na msimamizi wa zamu hampi mtu likizo wakati magunia yamejaa ghalani. Kwa hiyo 31 Desemba, siku ambayo vitabu vinafungwa, ndiyo siku ambayo deni la likizo huwa karibu na kilele chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na akiondoka kazini kabla hajazitumia, analipwa zile alizokwishazistahili. Siku hizo ni deni, iwe mfanyakazi amelidai au hajalidai, na IAS 19, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu stahili za wafanyakazi, inataka liingie vitabuni mwaka ambao mfanyakazi aliifanya kazi.

Mwisho wa 2023 siku za likizo zilizobaki zilikuwa 900. Mshahara wa wastani ulikuwa shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 30,000 kwa siku, na deni likawa milioni 27. Mwaka 2024 wafanyakazi walistahili siku nyingine 1,680, yaani 60 mara 28, wakatumia 1,455. Zikabaki 1,125. Mshahara ulipanda Julai ukafika 960,000, sawa na 32,000 kwa siku, hivyo deni la mwisho wa 2024 ni milioni 36.

Tusimame kidogo kwenye hicho kigawanyo, maana deni la likizo mara nyingi huharibikia hapo hata kabla ya kufika kwenye kodi. Siku 28 za sheria ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Ukizihesabu hivyo, gawanya mshahara kwa 30. Ukigawanya kwa siku 22 za kazi kisha ukazidisha kwa siku za kalenda, deni la kiwanda hiki linaruka kutoka milioni 36 hadi milioni 49 na ushei, na kodi iliyoahirishwa, yaani athari ya kodi ya miaka ijayo inayoandikwa vitabuni leo, inavimba kwa karibu milioni 3.9 bila sababu. Kigawanyo na siku lazima viwe vya aina moja. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: chukua mfanyakazi mmoja mwenye siku 28 kamili, na kama deni lake linazidi mshahara wa mwezi mmoja, rudi kwenye kigawanyo.

Mbali na likizo, mizania ya 31 Desemba 2024 ilikuwa na madeni mengine mawili. La kwanza ni provisheni ya milioni 30: msafirishaji mmoja alifungua madai kwamba gari lake liliharibika likipakia uwanjani kwa kiwanda, na mwanasheria akasema uwezekano wa kushindwa ni mkubwa kuliko wa kushinda. La pili ni faini ya mazingira ya milioni 5 ambayo kiwanda kilikuwa kimetozwa na bado hakijailipa.

Sasa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaitaka kampuni ihesabu mapato na matumizi kwa misingi ya malimbikizo, si ya fedha taslimu. Mtu angedhani basi kila kilichoingia vitabuni kinakubalika papo hapo. Sivyo. Kwa sheria hiyo, tumizi linahesabiwa kuwa limefanyika pale wajibu wa kulipa umeshatokea na kiasi chake kinaweza kujulikana kwa usahihi wa kuridhisha. Provisheni ya madai ni makadirio ya kesi ambayo haijaamuliwa, haijafika hapo. Kuhusu likizo, wapo washauri wanaojenga hoja kwamba wajibu upo na kiasi kinajulikana, kwa hiyo ikubalike inapolimbikizwa. Kiwanda chetu kimechagua njia ya tahadhari: likizo na provisheni vyote vinarudishwa kwenye faida vinapolimbikizwa, yaani vinajumlishwa tena kabla ya kodi kupigwa, kisha vinakatwa vinapolipwa. Njia yoyote utakayoifuata, kodi iliyoahirishwa lazima iifuate ritani. Haiwezekani likizo ikatwe kwenye ritani mwaka huu, halafu mizania iseme faida ya kuikata bado inakuja.

IAS 12, kiwango cha uhasibu kuhusu kodi ya mapato, inalieleza jambo hili kwa kupitia thamani ya kikodi ya deni. Unachukua thamani ya deni vitabuni, unatoa kiasi ambacho kitakubalika kukatwa kwenye kodi baadaye. Likizo: milioni 36 kutoa milioni 36, thamani ya kikodi ni sifuri. Tofauti ya muda, yaani pengo kati ya thamani ya vitabuni na ya kikodi, ni milioni 36 yote, na kwa kiwango cha asilimia 30 inazaa mali ya kodi iliyoahirishwa ya milioni 10.8. Provisheni ya msafirishaji nayo ina thamani ya kikodi ya sifuri, hivyo inazaa milioni 9. Faini ni kitu kingine. Sheria hairuhusu faini ya kuvunja sheria ikatwe, si leo, si siku itakapolipwa. Kiasi kitakachokatwa baadaye ni sifuri, kwa hiyo thamani ya kikodi inabaki ileile milioni 5 na tofauti ya muda haipo. Faini inaongeza gharama ya kodi mwaka huu na haitarudi tena.

Hapa kuna mtego wa macho. Kwenye hesabu ya kodi, likizo, provisheni na faini zinasimama kwenye safu moja, zote zimerudishwa kwenye faida. Anayeandaa kodi iliyoahirishwa kwa kunakili safu hiyo na kuizidisha kwa asilimia 30 ataipa faini mali ambayo haipo. Swali la kuuliza kila mstari ni moja tu: siku nikilipa hii, nitaikata?

Kilichobaki ni mashine. Thamani yake vitabuni ilizidi thamani ya kikodi kwa milioni 50 mwisho wa 2023 na kwa milioni 60 mwisho wa 2024, maana nafuu ya uchakavu ya kikodi ya mwaka huo ilikuwa milioni 52 ilhali uchakavu wa vitabuni ulikuwa milioni 42. Hilo ni deni la kodi iliyoahirishwa: milioni 15 mwanzo wa mwaka na milioni 18 mwishoni.

Rasimu ya mhasibu na hesabu sahihi zilisimama hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

| | Rasimu | Sahihi |
|---|---|---|
| Faida kabla ya kodi | 120.0 | 120.0 |
| Likizo | +36.0 | +9.0 |
| Provisheni ya madai | +30.0 | +30.0 |
| Faini | +5.0 | +5.0 |
| Uchakavu wa vitabuni | +42.0 | +42.0 |
| Nafuu ya uchakavu ya kikodi | −52.0 | −52.0 |
| Mapato yanayotozwa kodi | 181.0 | 154.0 |
| Kodi ya mwaka, 30% | 54.3 | 46.2 |

Mstari wa likizo ndio uliomfanya mkaguzi aulize, Aprili 2025: "Dada, hizi milioni 27 za mwaka jana ziko wapi?"

Zilikuwa zimerudishwa kwenye faida ya 2023 na kutozwa kodi mwaka huo. Ndani ya 2024 wafanyakazi walikwenda likizo huku wakilipwa mishahara yao kama kawaida, na wachache walioacha kazi wakalipwa siku zao kwa fedha. Malipo yote ya likizo kwa mwaka yalifika milioni 45: siku 780 za nusu ya kwanza kwa 30,000, na siku 675 za nusu ya pili kwa 32,000. Deni la milioni 27 lilimalizika ndani ya malipo hayo, kwa hiyo haki ya kulikata ilikuwa imefika. Rasimu haikulikata. Ilirudisha deni lote la mwisho wa mwaka kana kwamba lote limezaliwa 2024, na kiwanda kingelipa milioni 8.1 zaidi ya inavyostahili.

Kosa lilitoka kwenye faili la Excel. Mwaka 2023 ulikuwa wa kwanza, deni la mwanzo lilikuwa sifuri, na fomula iliyochukua salio la mwisho ilitoa jibu sahihi. Mwaka uliofuata faili likanakiliwa, tarehe zikabadilishwa, fomula ikabaki. Katika faili hilo safu ya D ni mwaka huu na safu ya C ni mwaka jana:

```
=Mizania!D18               (ya zamani)
=Mizania!D18-Mizania!C18   (sahihi)
```

Mtu anaweza kuuliza: mbona tunatumia badiliko la salio, si malipo yenyewe, wakati tunasema likizo inakatwa inapolipwa? Kwa sababu ni kitu kilekile kwa njia fupi. Gharama ya likizo iliyoingia kwenye faida ya 2024 ni malipo ya milioni 45 pamoja na ongezeko la deni la milioni 9, jumla milioni 54. Njia ndefu inarudisha milioni 54 na kukata milioni 45. Njia fupi inarudisha milioni 9. Zote zinafika mahali pamoja.

Hatari ni kuzichanganya. Mshahara wa anayekuwa likizo hupita kwenye orodha ya mishahara ya kawaida na kuangukia akaunti ya mishahara. Hakuna vocha inayosema "malipo ya likizo". Mtu akirudisha badiliko la milioni 9, kisha akaenda kwa afisa rasilimali watu kuomba jumla ya likizo iliyolipwa na kukata milioni 45 tena, amekata mara mbili. Mapato yanayotozwa kodi yanashuka hadi milioni 109 na kodi inapungua kwa milioni 13.5 ambayo Mamlaka ya Mapato itaidai pamoja na riba. Kosa hili ni baya kuliko la rasimu, kwa sababu la rasimu linamuumiza mlipakodi na yeye mwenyewe ana sababu ya kulitafuta, ilhali hili linapendeza machoni hadi siku ya ukaguzi. Ndiyo maana tunapendelea njia fupi kwa likizo. Njia ndefu tunaiacha kwa provisheni kama ya msafirishaji, ambapo kila malipo yana hati yake.

Rasimu ilikuwa na kosa la pili: faini ilizidishwa kwa asilimia 30 na kuongeza mali ya milioni 1.5. Sasa tazama jinsi makosa mawili yalivyofichana. Kodi iliyoahirishwa ilistahili kupunguza gharama ya mwaka kwa milioni 8.7: likizo inapunguza milioni 2.7, provisheni milioni 9, kisha mashine zinaongeza milioni 3. Rasimu ilipunguza milioni 10.2. Gharama yote ya kodi kwenye rasimu ikawa 54.3 kutoa 10.2, yaani milioni 44.1.

Upatanisho wa kodi ndio unaoyaanika. Katika kiwanda hiki, kitu pekee kinachoitofautisha gharama ya kodi na asilimia 30 ya faida ni faini. Asilimia 30 ya milioni 120 ni 36, ongeza 1.5 ya faini, gharama inapaswa kuwa 37.5. Hesabu sahihi inatoa 46.2 kutoa 8.7, ambayo ni 37.5 kamili. Rasimu inazidi kwa 6.6. Hakuna mstari wowote unaozaa 6.6 peke yake, na hapo wengi huandika "tofauti nyingine" wakaendelea. Usiandike hivyo. Tofauti za muda hazitakiwi kuacha alama kwenye upatanisho kama kiwango cha kodi hakijabadilika: zinachopandisha kwenye kodi ya mwaka zinakishusha kwenye kodi iliyoahirishwa. Kila kinachobaki bila maelezo ni kosa, na likigawanywa kwa 0.3 linakupa kiasi cha kutafuta. Hapa 6.6 inatoa milioni 22, ambayo ni 27 za likizo kutoa 5 za faini. Ukishaijua ile 27, ile 5 inajitokeza yenyewe.

Baada ya marekebisho, ingizo la kodi iliyoahirishwa la 2024 lilikuwa fupi. Mwanzo wa mwaka kiwanda kilikuwa na deni la milioni 6.9, yaani 15 za mashine kutoa 8.1 za likizo. Mwisho wa mwaka kikawa na mali ya milioni 1.8, yaani 19.8 za likizo na provisheni kutoa 18 za mashine. Debiti kodi iliyoahirishwa milioni 8.7, krediti gharama ya kodi. Kwenye mizania inaonekana namba moja, kwa sababu ni kampuni moja, inalipa kwa mamlaka moja, na sheria inairuhusu ilipe kwa jumla. Kwenye maelezo ya hesabu, hata hivyo, kila chanzo kinaonyeshwa peke yake, na hilo linasaidia kuliko linavyochosha: msomaji wa mizania hawezi kuona milioni 19.8 ndani ya 1.8.

Je, mali hiyo inastahili kutambuliwa yote? Wengine hujibu haraka: deni la mashine la milioni 18 linafunika karibu lote. Jibu hilo halitoshi. Deni la mashine litageuka polepole kwa miaka mingi, na kwa sasa bado linakua. Likizo itatumika mwakani, na kesi ikiisha mwakani nayo italipwa mwakani. IAS 12 inaangalia kama tofauti hizo zinageuka katika kipindi kimoja, au kama makato yakizaa hasara, hasara hiyo inaweza kupelekwa mbele hadi zitakapogeuka. Kinachoisimamisha mali ya kiwanda hiki hasa ni kwamba kimepata mapato ya kutozwa kodi miaka yote miwili na makisio ya 2025 yanaonyesha faida inayozidi makato yanayotarajiwa. Kingekuwa kimekula hasara mfululizo, tungedai ushahidi mzito zaidi kuliko makisio ya meneja. Jambo jingine: hata kesi ingetarajiwa kuchukua miaka mitatu, ile milioni 9 haishushwi kwa thamani ya fedha ya wakati. IAS 12 imekataza hilo.

Mwaka 2025 ndio unaoonyesha ni kitu gani kilikuwa kimehifadhiwa. Menejimenti ililazimisha likizo zitumike kuanzia Januari hadi Aprili, kabla ya mavuno, na siku zilizobaki zikashuka hadi 700. Mshahara haukubadilika, hivyo deni likawa milioni 22.4, pungufu kwa milioni 13.6. Septemba kesi ya msafirishaji ilimalizwa kwa makubaliano ya milioni 26, ikalipwa, na milioni 4 zilizobaki zikarudishwa kwenye mapato ya vitabuni. (Makubaliano yangefikiwa kabla hesabu za 2024 hazijaidhinishwa, provisheni ya 2024 yenyewe ingerekebishwa iwe milioni 26.)

Zile milioni 4 zinawachanganya watu. Ziko ndani ya faida kama mapato, lakini hazitozwi kodi, kwa sababu zilipotengwa hazikukatwa. Zinatolewa kwenye hesabu ya kodi sambamba na milioni 26 zilizolipwa, jumla milioni 30, na provisheni inafutika yote. Anayekata 26 tu na kuziacha 4 ametozwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Faida kabla ya kodi ya 2025 ilikuwa milioni 100. Toa 13.6 za likizo, toa 30 za provisheni, toa 6 ambazo nafuu ya mashine ilizidi uchakavu, inabaki milioni 50.4. Kodi ya mwaka ni milioni 15.12. Mkurugenzi akiiona atafurahi, maana faida imeshuka kwa moja ya sita lakini kodi ya kulipa imeshuka hadi theluthi moja ya ile ya mwaka uliopita. Ila gharama ya kodi kwenye taarifa ya mapato si 15.12. Kodi iliyoahirishwa inaongeza 4.08 kwa likizo, 9 kwa provisheni na 1.8 kwa mashine, jumla 14.88, na gharama inafika milioni 30 kamili, asilimia 30 ya faida. Unafuu wa 2025 ulikwishatambuliwa 2024, mwaka ambao wafanyakazi walibaki kwenye mashine na gari la msafirishaji likaharibika.

Kwenye makisio ya kodi yanayopelekwa TRA kwa awamu nne, kiwanda kilianza 2025 kwa kunakili kodi ya 2024. Kufikia Septemba kilikuwa kimelipa awamu tatu za milioni 11.55, jumla 34.65, zaidi ya mara mbili ya kodi ya mwaka mzima. Ratiba ya likizo ilijulikana tangu Januari. Anayeandaa makisio angeomba orodha ya siku zilizobaki kwa afisa rasilimali watu kila mwisho wa robo, angeyashusha makisio mapema, na fedha ya kununulia alizeti ya Juni ingebaki mkononi.